Mwamba unaoyeyuka huku ukipoa

Dhana: Chini yetu kuna bahari ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayongoja ufa.

Hakuna. Tabaka lililo kati ya ganda la dunia na kiini ni mwamba mgumu, ingawa joto lake ni zaidi ya nyuzi 1,300. Hutambaa sentimita chache kwa mwaka, lakini hautiririki kama uji.

Dhana: Ili mwamba huo uyeyuke, lazima moto uongezwe.

Hili ndilo kosa kubwa. Fundi yeyote wa magari atakukataza kufungua rejeta ikiwa bado ya moto. Mle ndani maji yamepita nyuzi 100 na bado hayajachemka, kwa sababu kifuniko kimeyabana. Zima injini, fungua kifuniko: yanakurukia usoni yakichemka, na hakuna aliyeongeza moto.

Mwamba nao hubanwa hivyo hivyo. Kwenye kina cha kilomita 100 una takriban nyuzi 1,370, ila kwa uzito ulioukalia ungehitaji karibu 1,490 ili uanze kuyeyuka. Sasa chukua mgongo wa bahari ya Atlantiki, safu ya milima iliyo chini ya maji katikati ya bahari hiyo. Mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya tabaka la juu la dunia, yanaachana, na mwamba wa chini unapanda kujaza nafasi. Ukifika kilomita 60 umepoa hadi 1,350 hivi, lakini kiwango chake cha kuyeyuka nacho kimeshuka hadi hapo hapo. Unaanza kutoa jasho la magma. Kuanzia hapo unapoa kwa kasi zaidi, maana kuyeyuka kwenyewe hula joto. Hauyeyuki wote pia. Ni kama sehemu moja katika kumi tu, nayo inatosha kujenga ganda la bahari lenye unene wa kilomita 6 au 7.

Dhana: Basi kwenye volkeno za Hawaii na Aislandi ni joto tupu.

Nusu kweli. Mwamba unaopanda pale umetoka chini ukiwa na nyuzi 100 hadi 200 zaidi, kwa hiyo unaanza kuyeyuka mapema, kwenye kina kirefu zaidi. Lakini joto hilo ulikuja nalo, haukulipata njiani. Kinachouyeyusha bado ni kupanda.

Aislandi ina ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Barafu nene iliyoifunika ilipoyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, milipuko ya volkeno kaskazini mwa kisiwa iliongezeka mara 30 hivi. Piga hesabu: kilomita moja ya barafu ina uzito wa karibu mita 280 za mwamba. Ikiondoka kwa miaka 1,000, mwamba wa chini unapunguziwa mzigo kana kwamba umepanda mita 280, wakati kwa mwendo wake wa kawaida wa sentimita moja kwa mwaka ungepanda mita 10 tu. Na barafu kuondoka hakuwezi kupasha moto mwamba ulio kilomita 60 chini.