Normali si "mstari wa kawaida"

Nimeliona tena kosa hili wiki hii, safari hii kwenye daftari la mpwa wangu wa kidato cha tano: "Tafuta mlinganyo wa mstari wa kawaida wa y = x² kwenye nukta (1, 1)." Nikamuuliza huo mstari wa kawaida ndio upi. "Si huu uliosimama wima, mjomba?" akasema, akachora mstari kutoka kwenye nukta ukashuka moja kwa moja hadi mhimili wa x.

Normali ni mstari unaopita kwenye nukta ya mpindo na kufanya pembe mraba na tanjenti ya nukta hiyo, yaani ule mstari unaougusa mpindo hapo na kufuata mwelekeo wake. Basi. Mhimili wa x hauna neno lolote katika maana hiyo.

Kosa linatokana na jina. Neno hili limetoka kwenye Kilatini, norma, na norma ilikuwa skwea ya fundi: kile kifaa chenye mikono miwili ambacho seremala hukibana kwenye ubao ili ajue kona imekaa sawa. Kitu kilichopimwa kwa skwea kikaitwa normali. Baadaye sana ndipo neno likahama kutoka kwenye kipimo cha fundi likawa kipimo cha mambo kwa jumla, hadi likafika kwenye maana ya "kama ilivyozoeleka". Wanahisabati walibaki na skwea. Na kinachonigusa ni kwamba hata kawaida yetu imepita njia kama hiyo: imetoka kwenye Kiarabu, qaida, ambayo ni msingi wa jengo na pia kanuni. Maneno yote mawili yalianzia kwa mafundi, lakini moja lilikuwa skwea na jingine msingi. Ukitafsiri normali kuwa "kawaida", umechukua maana ya mwisho ya neno na kuiacha ile inayofanya kazi.

Shika skwea basi, turudi kwenye (1, 1). Mteremko wa y = x² popote ni 2x, kwa hiyo hapa ni 2: tanjenti ikienda hatua 1 kulia, inapanda 2. Igeuze kwa pembe mraba. Ile hatua 1 ya kulia inakuwa 1 ya kupanda, na zile 2 za kupanda zinakuwa 2 za kwenda kushoto. Mstari unaopanda 1 kwa kila 2 za kushoto una mteremko wa −1/2. Hapo ndipo inapotoka ile kanuni kwamba miteremko miwili ya pembe mraba ikizidishwa inatoa −1. Wengi hupindua sehemu wakasahau alama, au hubadili alama wakasahau kupindua. Zidisha uone: 2 × 1/2 ni 1, 2 × −2 ni −4, zote mbili si −1.

Tahadhari moja ya mchoro: kama skeli ya mhimili wa x na ya y hazilingani, mistari miwili iliyo sahihi kabisa haitaonekana kufanya pembe mraba kwenye karatasi. Usifute hesabu kwa sababu hiyo.

Mlinganyo wa normali yetu ni huu:

y − 1 = −1/2(x − 1)

Weka y = 0, unapata x = 3. Mstari wima wa mpwa wangu ulitua kwenye x = 1, hatua mbili nzima kabla.

Weka x = 0, unapata y = 1.5. Sasa chukua nukta (2, 4): mteremko wa normali ni −1/4, na inakata mhimili wa y kwenye 4.5. Kwenye (3, 9) ni −1/6, inakata kwenye 9.5. Kila mara ni nusu juu ya nukta uliyoanzia. Sababu ni kwamba kutoka kwenye nukta ambayo x yake ni a, unatembea a hadi mhimilini ukipanda 1/(2a) kwa kila hatua, na a × 1/(2a) ni nusu daima. Ni pale x = 0 tu ambapo njia hii inakatika, maana mteremko wa tanjenti ni 0 na huwezi kuupindua. Hapo normali ndiyo mhimili wa y wenyewe. Ni mahali pekee kwenye mpindo huu ambapo "uliosimama wima" ni jibu sahihi, na nadhani ndipo mpwa wangu alipoliokotea.

Hakukosea hesabu, alikosea jina. Nikamwomba afute "wa kawaida" aandike "normali", na neno wima alitunze kwa mistari iliyo wima kweli.