Barua ya kuomba ruhusa ya biashara nyumbani: mwenye nyumba anaogopa nini?

Malalamiko ya wapangaji wa Nairobi waliopewa notisi ya kuhama kwa sababu ya biashara ndogo ya nyumbani yanazidi kutufikia. Wengi huanza kwa kusema, "Kodi nalipa, kwa nini nisifanye kazi yangu?" Jibu liko kwenye mkataba. Mkataba ukisema nyumba ni ya kuishi pekee, cherehani ya wateja inavunja mkataba hata kama hujawahi kuchelewesha kodi. Leseni ya biashara ya kaunti nayo haichukui nafasi ya ruhusa ya mwenye nyumba. Hili tumelieleza mara nyingi na bado linarudi.

Tuchukue fundi wa nguo anayeishi nyumba ya vyumba viwili Umoja, anayetaka kushona sebuleni. Barua nyingi za namna hii huandikwa kama ombi la huruma: maisha ni magumu, watoto wanasoma. Mwenye nyumba anaweza kumhurumia na bado akakataa, kwa kuwa hofu yake haijaguswa.

Hofu yenyewe ni Sura ya 301, sheria inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kwa sheria hiyo, duka ni mahali panapotumiwa pote, au kwa sehemu kubwa, kuuza bidhaa au kutoa huduma kwa malipo. Upangaji wa duka usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, huwa chini ya ulinzi. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi au kumtoa mpangaji bila notisi rasmi ya angalau miezi 2, na mpangaji akipeleka pingamizi kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi, notisi hiyo husubiri uamuzi. Kuna na kodi ya serikali: utaratibu wa asilimia 7.5 ya mapato ya kupangisha ni wa nyumba za makazi tu, kwa hiyo nyumba ikihesabiwa kuwa ya biashara, haumhusu tena. Mwenye nyumba akisikia neno "biashara", anaona mambo haya yote kwa pamoja.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza, baada ya tarehe, namba ya nyumba na tarehe ya mkataba, kiseme hivi:

"Naomba ruhusa ya kushona nguo kwa kutumia kona moja ya sebule. Nyumba itabaki makazi yangu na familia yangu, na makazi yatabaki ndiyo matumizi yake makuu. Sitaweka kibao, sitaajiri mtu, wala sitabomoa au kuongeza chochote."

Usiandike "duka" wala "karakana". Na kama kweli unataka kugeuza sebule yote kuwa duka, barua hii haikufai. Kubadilisha matumizi ya jengo kunahitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na faini ya kuanza bila idhini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Kifungu cha pili kitaje watu, sauti na stima kwa hesabu. "Wateja wachache" haisemi kitu. Andika "wateja wasiozidi 4 kwa siku, kwa miadi, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi". Cherehani ndogo ya umeme hutumia takriban wati 100, lakini pasi hufika wati 1,200. Pasi ndiyo inayochosha soketi na nyaya za zamani, hasa ikichomekwa kwenye ekstensheni pamoja na vitu vingine. Andika kwamba utaichomeka ukutani moja kwa moja. Kama mita ni ya pamoja, taja utakavyolipia nyongeza: pasi ikiwaka saa 2 na cherehani saa 6, siku moja haizidi yuniti 3.

Mwisho omba majaribio ya miezi 3, na useme kwamba akipata malalamiko ya kweli ya majirani utasimamisha kazi kwa notisi ya siku 14. Mwenye nyumba hukubali kwa urahisi zaidi jambo analojua anaweza kulisimamisha.

Chapisha nakala 2. Mwenye nyumba au wakala aweke sahihi na tarehe kwenye yako kuonyesha amepokea. Sahihi hiyo ni ya kupokea tu. Ruhusa ni jibu lake la maandishi, na kimya chake si ruhusa. Neno la keyateka, hata awe rafiki yako kiasi gani, halimfungi mwenye nyumba ambaye hakumtuma kulisema. Akikubali kwa simu, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo ukirudia masharti mliyokubaliana na umwombe athibitishe, kisha uhifadhi jibu pamoja na mkataba. Jengo likiuzwa, mnunuzi atataka kuona maandishi hayo.

Maelezo haya ni ya jumla. Mkataba wako ukiwa na kifungu cha pekee kuhusu biashara, mwonyeshe wakili kabla ya kutuma barua.