Makundi ya Abeli ya oda 72 ni sita, si kumi na sita

Tangu matokeo ya muhula yabandikwe, dirisha la rufaa la idara yetu hapa Dar es Salaam limeelemewa na malalamiko juu ya swali moja: taja makundi yote ya Abeli yenye oda 72, bila kurudia yaliyo sawa kwa isomofia. Walalamikaji wengi wamepata kumi na sita na wanadai mwongozo wa kusahihishia una kasoro. Tunaamini wamelalamika kwa nia njema, ndiyo maana tunaeleza.

Hiyo kumi na sita haikutoka hewani. Ukiandika 72 kama zao la namba kubwa kuliko 1 kwa kila njia, kuanzia 72 yenyewe, 2×36, 3×24, hadi 2×2×2×3×3, unapata njia kumi na sita kamili. Hesabu ni sahihi, ila si hesabu iliyoulizwa. Chukua 4×18, 2×36 na 2×4×9. Z18 ni sawa na Z2×Z9, kwa kuwa kigawo kikubwa cha shirika cha 2 na 9 ni 1. Kwa sababu hiyohiyo Z36 ni sawa na Z4×Z9. Vunja Z4×Z18 na Z2×Z36 kwa namna hiyo, zote zitaishia Z2×Z4×Z9. Majina matatu, kundi moja. Aliyeandika yote matatu amejibu mara tatu kitu kilekile.

Njia ya uhakika ni kushuka hadi kwenye namba tasa kwanza: 72 = 2³×3². Kisha shughulikia kila namba tasa peke yake kwa kugawa kipeo chake katika jumla. Kipeo 3 kinagawika kuwa 3, au 2+1, au 1+1+1, na hapo unapata Z8, Z4×Z2 na Z2×Z2×Z2. Kipeo 2 kinagawika kuwa 2 au 1+1, yaani Z9 na Z3×Z3. Kila chaguo la upande wa 2 linaoana na kila chaguo la upande wa 3, hivyo 3×2 = 6. Na tafadhali, 2+1 na 1+2 ni mgawanyo mmoja. Hili tumeshalisema darasani mpaka sauti zimekauka.

Wapo pia waliopunguza. Wanasema Z4×Z2 ni Z8 kwa sababu 4×2 ni 8. Kigawo kikubwa cha shirika cha 4 na 2 ni 2, si 1, kwa hiyo haziungani. Ushahidi ni huu: Z8 ina elementi ya oda 8, lakini katika Z4×Z2 kila elementi ukiijumlisha yenyewe mara nne unarudi sifuri. Ukitaka kuhakiki zaidi, hesabu elementi za oda 2: Z8 ina moja, Z4×Z2 ina tatu, Z2×Z2×Z2 ina saba. Tahadhari: kipimo hiki peke yake hakitoshi kipeo kikifika 4. Z8×Z2 na Z4×Z4 zote zina elementi tatu za oda 2. Zinatofautiana kwenye oda 4, ambako ya kwanza ina elementi nne na ya pili kumi na mbili.

Kinachoamua idadi ni vipeo, si ukubwa wa oda. Oda 200, yaani 2³×5², nayo ina makundi ya Abeli sita. Oda 30,030 ni zao la namba tasa sita tofauti, kila moja ikiwa na kipeo 1, na ina kundi moja tu. Oda 64 ina kumi na moja, kwa kuwa kipeo 6 kina migawanyo kumi na mmoja.

Kuhusu rufaa zenyewe. Aliyeandika Z2×Z36 pale mwongozo ulipoandika Z2×Z4×Z9 atarudishiwa alama ikiwa msahihishaji alimkata. Jina lolote sahihi linakubaliwa, mara moja. Kila kundi lililorudiwa kwa jina jingine linakatwa alama moja, na adhabu hiyo haifutwi kwa hoja kwamba sita sahihi zimo ndani ya kumi na sita. Anayedai makundi mawili ni tofauti aambatishe oda ya elementi iliyopo katika moja na haipo katika jingine, au idadi ya elementi za oda fulani zisizolingana. Fomu isiyo na kiambatisho hicho inarudishwa bila kusomwa.

Na wale waliojibu 50: hiyo ni idadi ya makundi yote ya oda 72, na 44 kati yake si ya Abeli. Neno "Abeli" lilikuwa kwenye swali, tena limekolezwa wino. Rufaa hizo zimefungwa.