Shea, nazi au nyonyo: mafuta gani yafungie unyevu kwenye nywele zilizojikunja?

Niko Dodoma, nywele zangu ni za asili na zimejikunja sana. Kila asubuhi napaka mafuta ya nazi, ikifika jioni zimekauka kama sijapaka kitu. Nihamie shea au nyonyo?

Shea itakufaa zaidi, dada, lakini kwanza angalia unapaka juu ya nini. Mafuta yote matatu hayana maji ndani yake. Kinacholainisha unywele ni maji; mafuta kazi yake ni kuyachelewesha yasiondoke upesi. Ukipaka kwenye nywele kavu, hakuna kitu cha kufungia.

Nazi inakuangusha kwa sababu ya umbile lake. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo mengi hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Shea ni nzito, hukaa juu na kufanya utando. Kwa mtu wa Tanga, ambako hewa yenyewe ina unyevunyevu, nazi huenda ikatosha. Kwa kiangazi cha Dodoma, pamoja na ule upepo, haitoshi.

Basi nazi niache kabisa?

Usiiache, ibadilishie siku. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kuvimba huko kwa kurudiarudia huuchakaza na kuupotezea protini. Nazi iliyokwisha kupenya hupunguza hasara hiyo, na hapo haina mshindani kati ya hizi tatu. Ipake saa chache kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha. Kama baada ya wiki kadhaa nywele zinakuwa ngumu na kukakamaa, acha. Wapo ambao nazi haipatani na nywele zao.

Shea nikipaka inaacha vipande vyeupe, na nywele zinakuwa nzito. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni kiasi, na kutoiyeyusha vizuri. Shea huyeyuka kwenye joto linalokaribia lile la mwili, kwa hiyo viganja vyako vinatosha. Tuseme nywele zako ukizivuta zinafika mabegani. Baada ya kuosha na kutia kondishna, zikaushe kwa fulana ya pamba mpaka ziache kudondosha maji, lakini zibaki na unyevu. Zigawe mafungu sita au manane. Kwa kila fungu chukua shea kiasi cha punje ya harage, isugue viganjani mpaka iwe mafuta matupu, kisha pitisha, ukianza na ncha, kwa kuwa ndiko mafuta ya asili ya ngozi hayafiki kwa sababu ya mikunjo. Sokota fungu hilo, nenda linalofuata. Usiku funga kitambaa cha satini.

Katikati ya wiki, puliza maji kidogo. Yakiteleza juu kama matone na unywele ukabaki mkavu, shea imerundikana: usiongeze nyingine, osha kwa shampuu. Ukiona shea ya kawaida ni ngumu mno, tafuta ile ya kaskazini mwa Uganda, ni laini zaidi.

Na nyonyo? Wanasema inakuza nywele.

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inaziotesha. Inachofanya ni kufunika unywele kwa utando mzito wenye kung'aa, hivyo zinaonekana nene. Kwa kufungia unyevu inafaa kwenye ncha zilizochoka: matone mawili matatu yaliyochanganywa na mafuta mepesi. Uzito wake ndio wa kuogopa. Mwaka 2017 madaktari wa India waliripoti mwanamke wa miaka 20 aliyepaka nyonyo na nazi. Alipoosha, nywele zake ndefu zilijikamata zikawa bonge gumu lisilochanuka, ikabidi zikatwe. Ni tukio la nadra, lakini usiimimine kichwani, na usioshe nywele ulizozirundika juu ya kichwa. Zioshe zikiwa kwenye mafungu.

Kichwa kinawasha na kina mba. Nipake mpaka kwenye ngozi?

Hapana. Mba unahusiana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa na kula mafuta, kwa hiyo kupaka kunaweza kuwashibisha, hata kama magamba yatalainika na kujificha kwa siku mbili. Tumia shampuu ya ketokonazoli, iache dakika tano hivi kabla ya kusuuza, na baadaye paka shea kwenye nywele tu. Shampuu hiyo hukausha, hivyo ielekeze kwenye ngozi, usiivutie kwenye ncha.

Ukiona nywele zinakatika kwa mabaka ya mviringo yenye magamba, hasa kwa mtoto, hayo huenda ni mapunye. Mpeleke kituo cha afya apate dawa ya kumeza, kwa sababu dawa ya kupaka peke yake haiondoi fangasi walioingia kwenye mizizi ya nywele. Na nywele zikirudi nyuma kwenye paji au juu ya masikio, chunguza kwanza misuko inayobana. Hapo mafuta yoyote hayatasaidia mpaka uiache.