Wauzaji wawili kwa barabara moja

"Si ni kweli wauzaji wawili kwa barabara moja lazima waishie wote katikati?"

Hapana, hiyo hesabu ya mchumi Hotelling ya 1929 inashika kama bei imefungwa, hakuna anayeweza kuibadilisha. Chukua mama wawili wanaouza makala ya kupikia hapa Goma, fasi moja, makala ile ile: mmoja akishusha franka 500 makiliya wote wanamfuata, mwenzake naye anashusha, mpaka bei inabaki ile waliyonunulia na faida hakuna. Wakikaa mbali mbali, kiliya wa karibu anahesabu pesa ya motari, anabaki kwako hata ukiwa juu kidogo. Mwaka 1979 wachumi d'Aspremont, Gabszewicz na Thisse walionyesha: kama umbali mara mbili unaleta gharama ya safari mara nne, kila mmoja anakimbilia mwisho wake wa barabara.