Upau si laini

Katika darasa la jioni huku Changamwe, la watu wazima wanaojiandaa kusomea ufundi wa friji, wiki hii nimesikia tena: "Hapa laini imeshuka kutoka kompresa mpaka gesi." Mchoro uliokuwa ubaoni haukuwa na laini yoyote. Ulikuwa wa pau, kila upau ukionyesha idadi ya friji zenye hitilafu fulani.

Ya pau na ya laini, yaani ya mstari, zote mbili ni grafu. Ya pau hulinganisha vitu mbalimbali kwa urefu. Ya mstari huonyesha kitu kimoja kinavyobadilika kadiri muda unavyopita.

Neno lenyewe linasaidia. Aliyeona nyumba ya makuti ikijengwa hapa Pwani anazijua pau: ni zile fito zinazokingamishwa juu ya makombamoyo, kisha makuti yakafungwa hapo. Kati ya upau na upau huachwa nafasi, na kwenye grafu ni vivyo hivyo.

Tuseme karakana imepokea friji 50 zenye kompresa mbovu na 46 zinazovuja gesi. Kati ya kompresa na gesi hapana kitu cha kusoma. Anza kuchora na gesi, kisha kompresa, na kule "kushuka" kunageuka kupanda, ilhali hakuna friji hata moja iliyoongezeka. Kwa kuwa upau husomwa kwa urefu wake wote, tazama pia namba iliyo chini kabisa ya mhimili wa wima. Ikiwa ni 40 badala ya 0, na kila mraba ni friji moja, upau wa gesi utakuwa na miraba 6 na wa kompresa 10. Jicho litaona karibu mara mbili, kumbe tofauti ni friji 4 tu.

Sasa chukua friji moja, uiwashe saa 2 asubuhi ikiwa na joto la nyuzi 28. Saa 4 unapima nyuzi 12, saa 6 nyuzi 6. Hapa kuunganisha nukta kuna maana, kwa sababu saa 3 ilikuwepo na friji ilikuwa na joto fulani. Panda kutoka saa 3 hadi kwenye mstari, kisha nenda kushoto: nyuzi 20. Hayo ni makadirio, hakuna aliyepima. Friji hupoa haraka mwanzoni, kisha polepole, na ndiyo maana mstari umeshuka nyuzi 16 katika saa mbili za kwanza na 6 tu katika mbili zilizofuata. Basi saa 3 huenda joto lilikuwa chini kidogo ya 20. Nukta ndizo zilizopimwa. Mstari tumeuchora sisi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwenye ule mchoro wa ubaoni sema: "Upau wa gesi ni mfupi kuliko wa kompresa." Neno "imeshuka" liwekee ile friji iliyowashwa saa 2.