Fomati haijala gigabaiti zako 69

Wiki hii mteja wa tatu amenirudishia diski mpya. Boksi limeandikwa 1 TB, kompyuta yake inaonyesha 931 GB, na rafiki yake "anayejua kompyuta" amemwambia kwamba zilizopungua zimeliwa na fomati. Wa kabla yake aliambiwa kauziwa feki. Nimechoka kusikia yote mawili, kwa hiyo leo naandika.

Tuanze na fomati. Nilichukua diski hiyo hiyo, nikafuta patisheni zote, nikafungua Disk Management mbele ya mteja. Diski tupu, haina fomati ya aina yoyote, na bado Windows imeandika 931.51 GB, Unallocated. Kama fomati ndiyo mla, hapo alikula nani? Fomati ya NTFS huchukua nafasi, ni kweli, lakini kwenye diski mpya ya ukubwa huu haifiki hata gigabaiti moja.

Sasa fungua This PC, bofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties. Watu husoma 931 GB wakafunga. Soma namba ndefu iliyo kando yake, ile ya baiti. Inazidi baiti trilioni moja. Diski yangu nzima ina baiti 1,000,204,886,016, na trilioni moja ndiyo terabaiti moja aliyoahidi mtengenezaji. Hukupunjwa hata baiti moja. Umepewa na nyongeza kidogo.

Hiyo 931 inatoka wapi? Chukua kikokotoo cha simu. Gawanya namba ile kwa 1024, upate 976,762,584. Gawanya tena kwa 1024, upate kama 953,870. Gawanya mara ya tatu, upate 931.5. Basi. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu: baiti elfu ni kilobaiti, kilobaiti elfu ni megabaiti, na kuendelea. Windows inahesabu kwa 1024 katika kila hatua. Fungu likiwa kubwa zaidi, idadi ya mafungu inapungua, ila vilivyomo ni vilevile. Safari ya kilomita 160 ni kama maili 100, na hakuna anayesema barabara imeliwa.

Kinachoniudhi hasa ni jina. Tangu 1998 shirika la viwango la IEC limetoa majina ya mafungu haya ya 1024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, yaani KiB, MiB, GiB. Windows inapima kwa GiB halafu inaandika GB. Ni sawa na kupima kwa maili ukaandika kilomita, kisha ukamwacha dereva agombane na aliyechora ramani. Apple walibadilisha mwaka 2009, toleo la 10.6 la Mac OS X, na tangu hapo diski ile ile ukiichomeka kwenye Mac inasomeka 1 TB. Mteja wangu aliona mwenyewe kwenye Mac ya jirani ndipo akaniamini.

Je, nani yuko sahihi? Hapa nasitasita. Kwenye RAM, 1024 ina maana, kwa sababu anwani za chipu huongezeka kwa kuzidisha mara mbili. Diski haina sababu hiyo, ni sekta tu zimepangwa, idadi yoyote inakubalika. Kwa hiyo naegemea upande wa elfu. Lakini namwelewa anayetaka RAM na diski vipimwe kwa kipimo kimoja kwenye skrini moja, na sina jibu la kumnyamazisha.

Pengo hukua kadiri diski inavyokuwa kubwa, na asilimia yake huongezeka ukipanda kutoka GB kwenda TB, kwa sababu 1024 inarudiwa kila hatua. Fleshi ya GB 32 husoma karibu 29.8, diski ya GB 500 husoma 465, na ya TB 2 husoma 1.81 TB. Kwenye laptopu mpya C: huwa ndogo zaidi ya hapo kwa kuwa kuna patisheni za kurejesha mfumo, hilo ni jambo jingine, na Disk Management itakuonyesha.

Na feki? Feki zipo, ila hazitambuliki kwa namba kupungua. Fleshi feki ya "TB 2" itakuonyesha 1.81 TB safi kabisa, kwa sababu kontrola yake imechezewa ili iseme uongo. Ndani inaweza kuwa na GB 32 tu. Unakopi video, zinapita bila kelele, kesho unafungua za mwisho hazichezi. Njia ya kuijua ni kuijaza mpaka mwisho na kuisoma upya. Kwenye Windows natumia H2testw, kwenye Linux f3:

```
f3write /media/fleshi
f3read /media/fleshi
```

Ukubwa ukiwa mkubwa itachukua saa nyingi, iache usiku kucha. f3read ikitaja data iliyopotea, hapo ndipo urudi dukani na risiti yako.